Maoni yasiyofunga na visiwa vya Chagos

Mwezi Agosti 2021, wajumbe wa Umoja wa Posta Duniani waliokutana Abidjan walipiga kura kwamba shirika lao halitasajili wala kusambaza tena stempu zenye jina la Eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi. Stempu hizo, zenye picha za samaki, ndege na matumbawe, zilikuwa zikitolewa kwa miongo kadhaa kwa ajili ya visiwa vya Chagos, ambako tangu mwaka 1973 hakuna raia wa kawaida anayeruhusiwa kuishi. Hakuna mahakama iliyokuwa imeliamuru shirika hilo kufanya hivyo, wala hakuna mkataba mpya uliokuwa umetiwa saini. Kilichokuwapo ni maandishi ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki yaliyosomwa The Hague tarehe 25 Februari 2019, na maandishi hayo kwa jina lake rasmi yalikuwa ni maoni ya ushauri tu.

Siku yaliposomwa, serikali ya Uingereza ilijibu kwamba hayo ni maoni ya ushauri na si hukumu. Kwa maneno yenyewe ilikuwa sahihi kabisa. Lakini miaka sita baadaye, serikali ya nchi hiyohiyo, ikiwa mikononi mwa chama kingine, ilitia saini mkataba unaokiri kuwa visiwa vyote vya Chagos ni mali ya Mauritius. Baina ya jibu lile na saini hii hapakuwa na vita wala vikwazo vya kiuchumi, na hakuna hukumu hata moja iliyoitaja Uingereza kama mdaiwa aliyeshindwa. Naona tukifuata njia iliyopitwa kati ya matukio hayo mawili, tutaelewa maoni ya ushauri ni kitu gani kwa ubora zaidi kuliko tukirudia kauli iliyozoeleka kwamba hayafungi lakini yana uzito, kauli ambayo ni kweli ila haielezi uzito huo unatoka wapi.

Tuanze na maandishi ya sheria. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa kesi za madai, ambamo nchi moja huishtaki nyingine. Hapo Mahakama haina mamlaka mpaka nchi zote mbili ziwe zimeridhia, na hukumu ikishatoka huzifunga nchi hizo mbili peke yake, kwa mujibu wa ibara ya 59 ya sheria inayoiunda Mahakama, na kila mwanachama wa Umoja wa Mataifa aliye mshiriki wa kesi amejifunga kwa ibara ya 94 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuitii. Mlango wa pili ni ule wa ibara ya 96 ya Mkataba huo. Kwa mlango huu, Baraza Kuu au Baraza la Usalama linaweza kuuliza swali lolote la kisheria, na mashirika mengine yaliyopewa idhini yanaweza kuuliza maswali yanayohusu kazi zao. Nchi haziwezi kuuliza, wala haziwezi kushtakiwa kwa mlango huu. Anayejibiwa ni chombo kilichouliza. Mahakama ilieleza hivyo waziwazi mwaka 1950, katika shauri la mikataba ya amani na Bulgaria, Hungaria na Romania: jibu lake halina nguvu ya kufunga, na kwa kuwa halitolewi kwa nchi bali kwa chombo cha Umoja wa Mataifa, hakuna nchi inayoweza kulizuia kwa kukataa ridhaa yake.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha jambo, na mara nyingi husahauliwa. Maoni ya ushauri hayakuachwa bila nguvu ya kufunga kwa sababu waandishi wa Mkataba waliyaona ni duni. Kutofunga kwake ndiyo bei iliyolipwa ili ridhaa ya nchi isihitajike. Mahakama ingekuwa na uwezo wa kuifunga nchi ambayo haikuridhia, mfumo mzima unaosimama juu ya ridhaa ungeanguka, na hakuna dola kubwa ambayo ingekubali kuuingia mwaka 1945.

Basi uzito unatoka wapi? Jibu langu ni kwamba tunaposema maoni hayafungi, tunazungumzia waraka, si sheria iliyomo ndani ya waraka. Mpima ardhi aliyeitwa na baraza la kijiji kuonyesha mpaka wa shamba hana mamlaka ya kumfukuza mtu. Lakini akishaonyesha mawe ya mpaka yalipo, jirani aliyelima ng'ambo yake hawezi kujitetea kwa kusema mpima ardhi si hakimu. Aliyekuwa akimkataza kulima huko ni haki ya mwenye shamba, nayo ilikuwapo kabla ya mpima ardhi kufika. Mahakama ikisema katika maoni yake kwamba nchi fulani ina wajibu fulani, haiumbi wajibu huo. Inasema wajibu ulikuwapo tangu siku ile, kwa mkataba au kwa sheria ya desturi. Nchi inayotaka kuukataa haiwezi kutosheka na kusema kwamba maoni hayafungi. Inalazimika kusema kwamba majaji wa chombo kikuu cha mahakama cha Umoja wa Mataifa wameikosea sheria, kisha ionyeshe wamekosea wapi. Huo ni mzigo mwingine kabisa, na ndio mzigo ambao Uingereza ilishindwa kuutua.

Historia yenyewe ni fupi. Chagos ilitawaliwa na Uingereza kama tegemezi la koloni la Mauritius tangu mwaka 1814. Katika miaka ya 1960, Marekani ilitaka kituo cha kijeshi katikati ya Bahari ya Hindi, na kisiwa cha Diego Garcia kilifaa. Septemba 1965 wawakilishi wa Mauritius walikuwa London wakijadili uhuru wao. Kabla ya kiongozi wa Mauritius, Seewoosagur Ramgoolam, kuingia ofisini kwa Waziri Mkuu Harold Wilson, katibu wa Wilson alimwandalia bosi wake dokezo, ambalo limebaki kwenye kumbukumbu za serikali, likieleza kwamba lengo la mkutano ni kumtia Ramgoolam hofu kwa kumpa tumaini: tumaini la kupata uhuru, na hofu ya kuukosa asipokuwa mwelewa kuhusu visiwa. Siku hiyo, tarehe 23 Septemba, wajumbe wa Mauritius walikubali visiwa vitengwe, kwa fidia ya pauni milioni 3 na ahadi kwamba vitarudishwa siku ambayo havitahitajika tena kwa ulinzi. Tarehe 8 Novemba 1965 koloni jipya liliundwa. Mauritius ikapata uhuru wake tarehe 12 Machi 1968 bila visiwa hivyo, na kati ya mwaka 1967 na 1973 wakazi wote wa Chagos ama walizuiwa kurudi walipokuwa wamesafiri au waliondolewa kwa nguvu.

Mauritius ilipotaka kwenda mahakamani ilikuta mlango wa kwanza umefungwa, kwa kuwa Uingereza haikuridhia. Ikajaribu njia ya pembeni. Mwaka 2010 Uingereza ilitangaza hifadhi ya bahari kuzunguka Chagos, na Mauritius ikaipeleka kwenye usuluhishi chini ya Mkataba wa Sheria ya Bahari, ikidai kwamba Uingereza si nchi yenye pwani hiyo na kwa hiyo haina haki ya kutangaza lolote. Uamuzi wa Machi 2015 ulikubali kwamba hifadhi ilitangazwa kwa kukiuka mkataba, kwa kuwa haki za Mauritius hazikuzingatiwa ipasavyo. Lakini kuhusu nani mwenye visiwa, wasuluhishi watatu kati ya watano walisema hawana mamlaka, kwa sababu huo ni mgogoro wa umiliki wa ardhi uliovikwa nguo za sheria ya bahari.

Hapo ndipo mlango wa pili ulipotumika, na namna swali lilivyoandikwa inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu maoni ya ushauri huanza kupata au kupoteza nguvu tangu kwenye uandishi wa swali. Azimio la Baraza Kuu namba 71/292 la tarehe 22 Juni 2017 lilipitishwa kwa kura 94 dhidi ya 15, huku nchi 65 zikijizuia. Halikuuliza Chagos ni ya nani. Liliuliza mambo mawili: je, mchakato wa kuiondoa Mauritius katika ukoloni ulikamilika kihalali mwaka 1968, baada ya visiwa kutengwa? Na je, sheria ya kimataifa inaleta matokeo gani kutokana na Uingereza kuendelea kuvitawala? Ukoloni ni jambo ambalo Baraza Kuu limekuwa likilishughulikia tangu Umoja wa Mataifa ulipozaliwa, na azimio lake namba 1514 la Desemba 1960 ndilo msingi wa kazi hiyo. Kwa hiyo chombo kilichouliza kilikuwa kinauliza kuhusu kazi yake chenyewe.

Uingereza ilijibu kwamba huu ni mgogoro wa nchi mbili uliopenyezwa dirishani, na hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Katika maoni kuhusu Sahara Magharibi ya mwaka 1975, Mahakama yenyewe ilikiri kwamba kuna hali ambamo kutoa maoni kutakuwa ni kukwepa kanuni kwamba hakuna nchi inayolazimika kupeleka mgogoro wake mahakamani bila ridhaa. Sheria ya Mahakama inasema Mahakama inaweza kutoa maoni, haisemi ni lazima itoe, na kwa hiyo ina hiari ya kukataa ikiona sababu nzito. Ukweli ni kwamba Mahakama hii haijawahi kuitumia hiari hiyo kukataa. Mara moja tu, mwaka 1996, ililikatalia Shirika la Afya Duniani swali kuhusu silaha za nyuklia, na hapo sababu ilikuwa ukosefu wa mamlaka: uhalali wa kutumia silaha haukuwa ndani ya kazi za shirika hilo. Mahakama iliyoitangulia, enzi za Shirikisho la Mataifa, ilikataa mwaka 1923 katika shauri la Karelia ya Mashariki, wakati Urusi ya Kisovieti haikuwa mwanachama wala haikukubali kushiriki.

Kuhusu Chagos, majaji 12 dhidi ya wawili walikubali kujibu. Hoja yao ilikuwa kwamba swali linahusu kazi ya Baraza Kuu ya kuondoa ukoloni, na kuwapo kwa mgogoro wa nchi mbili juu ya jambo hilohilo hakuligeuzi swali kuwa kesi ya madai. Jaji Joan Donoghue wa Marekani aliandika kwamba kilichofanyika ndicho hasa ambacho kanuni ya ridhaa inakizuia. Mimi nakubaliana na wengi, ila nakiri kwamba anayesoma waraka wa Donoghue bila upendeleo hatouweka chini akiwa hajatikisika hata kidogo.

Katika kiini cha swali, kura zilikuwa 13 dhidi ya moja. Hatua za hoja zilikuwa nyepesi kufuata. Kwanza, kufikia kati ya mwaka 1965 na 1968 haki ya watu kujiamulia mustakabali wao ilikuwa tayari ni sheria ya desturi, na azimio 1514, ingawa ni azimio tu, liliitangaza sheria hiyo. Pili, haki hiyo inahusu eneo zima la koloni, na kwa hiyo mtawala hawezi kumega kipande kabla ya kuondoka, isipokuwa watu wenyewe wametaka hivyo kwa hiari ya kweli. Tatu, makubaliano ya Septemba 1965 hayawezi kuitwa mkataba wa kimataifa wakati upande mmoja ulikuwa chini ya mamlaka ya upande mwingine, na hayakuonyesha utashi huru wa watu waliohusika. Jibu likawa kwamba uondoaji wa ukoloni haukukamilika kihalali, kwamba kuendelea kutawala visiwa ni kosa la kimataifa linaloendelea, kwamba Uingereza ina wajibu wa kumaliza utawala wake haraka iwezekanavyo, na kwamba nchi zote wanachama zina wajibu wa kushirikiana na Umoja wa Mataifa kulifanikisha hilo. Rais wa Mahakama aliyeyasoma alikuwa Abdulqawi Ahmed Yusuf wa Somalia.

Mahakama haikuandika popote kwamba Chagos ni mali ya Mauritius. Haikuulizwa hivyo, na ilikuwa na hekima ya kutojibu ambalo halikuulizwa. Jambo hilo dogo ndilo lililokuja kuleta mjadala mkubwa wa kisheria.

Mwezi Mei 2019 Baraza Kuu, kwa kura 116 dhidi ya sita, liliitaka Uingereza iondoke ndani ya miezi sita. Miezi sita ikapita. Msomaji mwenye haraka angesema hapo kwamba hadithi imekwisha: maoni hayafungi, azimio la Baraza Kuu nalo halifungi, na sifuri ukiijumlisha na sifuri unapata sifuri. Lakini Mauritius ilikuwa imefungua mlango wa tatu, tena kumshtaki mtu ambaye hakuna aliyemfikiria.

Kaskazini ya Chagos iko Maldivi, na mpaka wa bahari kati yao haukuwa umechorwa. Mwezi Juni 2019 Mauritius ilianzisha shauri dhidi ya Maldivi kuomba mpaka uchorwe, na pande hizo zikakubaliana lisikilizwe na jopo maalumu la majaji tisa la Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliyoko Hamburg. Maldivi ikatoa pingamizi la awali. Ilisema: huwezi kuchora mpaka wa bahari bila kujua nchi kavu ni ya nani, nani mwenye Chagos ni mgogoro kati ya Mauritius na Uingereza, Uingereza haipo hapa, basi jopo halina budi kunyamaza. Iliegemea kanuni inayotokana na shauri la dhahabu ya benki ya Albania la mwaka 1954, ambapo Mahakama ya The Hague ilikataa kuamua nani apewe dhahabu iliyochukuliwa Roma na Wajerumani mwaka 1943, kwa sababu kufanya hivyo kungemaanisha kwanza kuamua kama Albania, ambayo haikuwapo mahakamani, ilikuwa imefanya kosa. Kuhusu maoni ya 2019, Maldivi ilisema tu kwamba hayafungi, na kwa hiyo mgogoro wa umiliki uko hai kama ulivyokuwa.

Hukumu ya tarehe 28 Januari 2021 juu ya pingamizi hilo ni, kwa maoni yangu, maelezo bora kuliko yote yaliyowahi kuandikwa na mahakama nyingine kuhusu nguvu ya maoni ya ushauri. Jopo lilitenganisha maswali mawili ambayo huchanganywa kila siku. La kwanza ni kama maoni yanafunga. Jibu ni hapana. La pili ni kama yanayoamuliwa ndani yake yana athari ya kisheria. Jibu ni ndiyo. Uamuzi wa Mahakama juu ya sheria, likasema jopo, hauna uzito mdogo ukiwa ndani ya maoni kuliko ukiwa ndani ya hukumu, kwa sababu umefikiwa na majaji walewale wa chombo kikuu cha mahakama, kwa umakini uleule na uchunguzi uleule. Kutoka hapo likahitimisha kwamba kama kuitenga Chagos kulikuwa haramu na kuendelea kuitawala ni kosa, basi dai la Uingereza la umiliki haliwezi kuhesabiwa zaidi ya kauli tupu, na kauli tupu haitoshi kuthibitisha kuwa mgogoro upo. Uingereza haikuwa tena mhusika ambaye bila yeye kesi haiwezi kwenda. Mauritius ikachukuliwa kuwa nchi yenye pwani.

Hatimaye, tarehe 28 Aprili 2023, mpaka ulichorwa. Eneo lililokuwa likigombewa lilikuwa na kilomita za mraba 92,563. Mauritius ilipata 45,331 na Maldivi 47,232. Naomba msomaji asimame kidogo kwenye takwimu hizo. Ni hukumu, inafunga, ina nambari za longitudo na latitudo ambazo meli ya uvuvi inaweza kuzisoma kwenye ramani, na nguzo inayoibeba ni waraka ambao haumfungi mtu yeyote. Ndivyo maoni ya ushauri yanavyofanya kazi kwa hakika: hayamwamuru mtu, bali huwa msingi ambao wengine, wenye mamlaka ya kuamuru katika maeneo yao, hujenga juu yake. Posta ilijenga uamuzi wake kuhusu stempu, na jopo la Hamburg likajenga mpaka.

Sifichi kwamba kuna kiungo dhaifu katika mnyororo huu. Majaji wa The Hague walisema uondoaji wa ukoloni haukukamilika. Majaji wa Hamburg wakasema kwamba kutokana na hilo umiliki wa Mauritius unaweza kuhitimishwa. Ni hitimisho linaloingia akilini, kwa kuwa hakuna mdai mwingine, lakini ni hatua ambayo The Hague haikuipiga, na walioipiga walikuwa majaji wa mkataba uleule wa bahari ambao mwaka 2015 wasuluhishi wake walisema swali hilo haliko ndani ya mamlaka yao. Zaidi ya hayo, Mahakama ilikubali kujibu mwaka 2019 kwa maelezo kwamba haiamui mgogoro wa nchi mbili. Miaka miwili baadaye ikasemwa kwamba mgogoro huo hauko tena kwa sababu Mahakama ilijibu. Anayesema kuwa ridhaa imezungukwa ana la kuonyesha. Nadhani jibu la kweli si kukana kwamba jambo hilo limetokea, bali kusema kwamba ridhaa hulinda nchi isishtakiwe, haiilindi dhidi ya watu wengine kuijua sheria. Lakini kadiri mahakama nyingine zitakavyoyachukua maoni kana kwamba ni hukumu, ndivyo majaji wa The Hague watakavyolazimika kuwa wagumu zaidi katika kuamua ni maswali gani wayajibu.

Tena, si kila maoni yana nguvu ya kubeba mzigo wa namna hii. Mwaka 1996, Baraza Kuu lilipouliza kama kutishia au kutumia silaha za nyuklia kunaruhusiwa, majaji waligawanyika saba kwa saba katika kifungu muhimu, na ikabidi kura ya uamuzi ya Rais wa Mahakama, Mohammed Bedjaoui, itumike. Kifungu chenyewe kilikiri kwamba Mahakama haiwezi kusema kwa uhakika iwapo matumizi hayo ni halali au haramu pale ambapo uhai wenyewe wa nchi uko hatarini. Hakuna mahakama inayoweza kujenga juu ya sentensi kama hiyo. Mwaka 2010, kuhusu Kosovo, swali lilikuwa finyu, kama tangazo la uhuru lilikiuka sheria, na jibu likawa finyu vilevile: halikukiuka. Halikusema kwamba Kosovo ni nchi, na wanaolinukuu kana kwamba lilisema hivyo hawajalisoma. Anayetaka kupima uzito wa maoni fulani atazame mambo haya yaliyo wazi machoni: swali liliulizwaje, majaji wangapi walikubali kifungu kipi, na je, kifungu hicho kinataja wajibu wa nchi fulani au kinaishia kwenye kanuni za jumla. Katika maoni kuhusu Chagos, yote matatu yalikuwa imara.

Kuna pia yale machache ambayo hufunga, nayo yanaweza kumchanganya mtu. Mkataba wa mwaka 1946 kuhusu haki na kinga za Umoja wa Mataifa unasema kwamba tofauti kati ya Umoja huo na nchi mwanachama zipelekwe kwa maoni ya ushauri, na kwamba maoni hayo yatakubaliwa kuwa ya mwisho. Mwaka 1999 Malaysia ilijikuta hapo kuhusu mtaalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa, Param Cumaraswamy, aliyekuwa akishtakiwa katika mahakama za nchi hiyo kwa maneno aliyoyasema. Lakini hata hapo kilichofunga ni mkataba ambao Malaysia ilikuwa imeukubali, si maoni yenyewe.

Kuhusu muda, mfano wa Namibia hauna budi kutajwa. Mwaka 1971 Mahakama ilisema kwamba kuwapo kwa Afrika Kusini nchini humo ni haramu na kwamba nchi nyingine zina wajibu wa kutoitambua. Namibia ilipata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Miaka kumi na tisa haikuletwa kwenye kikomo na majaji. Ililetwa na mapambano ya Wanamibia, vita vya Angola na mazungumzo ya dola kubwa. Maoni yalifanya kazi nyingine: yaliondoa uwezekano wa Afrika Kusini kupata hati safi, kwa kuwa mkataba wowote, mkopo wowote au leseni yoyote ya madini iliyotegemea mamlaka yake huko ilikuwa na doa la kisheria ambalo halikufutika.

Uingereza iliona doa kama hilo likienea. Novemba 2022 ilitangaza kuanza mazungumzo na Mauritius, na Oktoba 2024 yakafika kwenye makubaliano ya kisiasa. Mawaziri wake walieleza hofu yao bungeni bila kuificha sana: kwamba baada ya Hamburg, hukumu inayofunga kutoka mahakama fulani inaweza kuja wakati wowote, na kwamba kituo cha Diego Garcia kinahitaji masafa ya mawasiliano, vibali na wahudumu kutoka nje, mambo yanayotegemea nchi na mashirika ambayo yameanza kuiona Uingereza kuwa si mwenyeji halali. Mtu anaweza kubisha kwamba hofu hiyo ilikuzwa, na wapinzani wake London walibisha kwa sauti kubwa. Lakini kubisha kwenyewe kulihusu uwezekano wa hukumu kuja, na karibu hakuna aliyesimama kuonyesha kwamba majaji 13 walikosea kuhusu mwaka 1965.

Mkataba uliotiwa saini tarehe 22 Mei 2025, ambao kuanza kwake kutumika kulihitaji kwanza hatua za kibunge, unasema katika ibara yake ya kwanza kwamba Mauritius ina mamlaka kamili juu ya visiwa vyote vya Chagos, Diego Garcia ikiwamo. Kisha Uingereza inaendelea kukitumia kisiwa hicho kwa miaka 99, kwa malipo ya wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Maoni ya 2019 yalikuwa yameliachia Baraza Kuu suala la kuwarudisha makwao wakazi wenye asili ya Chagos, yakisema tu kwamba ni suala la haki za binadamu ambalo lazima lishughulikiwe katika kukamilisha uondoaji wa ukoloni. Kwa mkataba huo, Mauritius iko huru kuwapa makazi katika visiwa vyote isipokuwa Diego Garcia, ambacho ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote na ambako wengi wao au wazazi wao walizaliwa.